Jina la Babu Si Ufunguo: Mhadhara kuhusu Kurejesha Akaunti Simu Inapopotea

Naomba tuanze na jina. Tuseme mwanamke amesimama hapa mbele akajitambulisha: "Naitwa Asha Juma Hamisi." Katika familia nyingi za kwetu, hasa za pwani, majina hayo matatu ni nasaba. Asha ni yeye mwenyewe, Juma ni baba yake, Hamisi ni babu yake. Sasa Asha anafungua akaunti katika mtandao uliotengenezwa Marekani, na anapewa swali la usalama, lile litakalomtambulisha siku akisahau nywila yake: "Jina la kati la baba yako ni lipi?" Baba yake ni Juma Hamisi, na baada ya Hamisi lipo jina jingine la juu zaidi. Kwa hiyo jina la kati ni Hamisi, na Asha anaandika Hamisi. Jibu analotakiwa kulitunza kama siri amekwisha kulitaja alipokuwa akitusalimu. Limo kwenye kitambulisho chake, limo kwenye cheti chake cha shule, limo kwenye orodha ya mahudhurio iliyoko pale mlangoni.

Swali jingine maarufu ni jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Benki za Marekani zilikuwa zikiliuliza tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na kule lilikuwa na mantiki yake: mwanamke akiolewa alichukua jina la mume, na jina la kwao likabaki kujulikana na wachache. Mama wa Tanga au wa Lamu hakubadili jina siku ya harusi. Leo jina lake rasmi ni lile lile alilopewa siku ya akika yake. Kisha kuna swali la jina la mtoto wa kwanza. Hilo kwetu hata kulifikiria kama siri ni vigumu, kwa sababu mwanamke akishajifungua mtaa mzima unaacha kumwita kwa jina lake na kuanza kumwita Mama Salma, sokoni, msibani na kwenye simu.

Nataja mambo haya kwa sababu mara nyingi tunachukua mfumo uliobuniwa kwingine, tunatafsiri maneno yake, na tunadhani kazi imekwisha. Tukitafsiri swali la usalama, usalama wake hauji pamoja na tafsiri. Na kama nitakavyoonyesha, hata huko lilikotoka swali hilo halikuwa salama.

Mwaka 2015 watafiti wa kampuni ya Google walichapisha uchunguzi wao kuhusu maswali haya. Walikuwa na kitu ambacho watafiti wengi hawakipati: majibu halisi ya mamilioni ya watumiaji, na kumbukumbu za nani alijaribu kurejesha akaunti akafanikiwa au akashindwa. Waliangalia kwanza urahisi wa kubahatisha. Kwa wazungumzaji wa Kiingereza, swali la chakula unachokipenda lilikuwa na udhaifu huu: mtu asiyemjua kabisa mwenye akaunti, akijaribu mara moja tu, akaandika jibu linalopendwa kuliko yote, angepatia katika akaunti 19.7 kati ya kila 100. Jibu lenyewe ni piza. Kwa wazungumzaji wa Kikorea walioulizwa mji waliozaliwa, majaribio 10 yalitosha kupatia asilimia 39. Kwa wazungumzaji wa Kiarabu walioulizwa jina la mwalimu wao wa kwanza, majaribio 10 yalipatia asilimia 24.

Tuziweke namba hizi katika mazingira tunayoyajua. Chukulia chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 4,000 wanaotumia programu ya simu, na mtu akisahau nywila anaulizwa chakula anachokipenda. Tukubali kwa hesabu tu kwamba ugali, wali na pilau vinatabirika kwetu kama piza inavyotabirika kwao. Mdukuzi hana haja ya kumlenga mwanachama yeyote. Anaandika neno lile lile moja kwenye akaunti zote 4,000, mara moja kila akaunti. Asilimia 19.7 ya 4,000 ni akaunti 788. Chama kimeweka ulinzi: ukikosea mara tano, akaunti inafungwa. Ulinzi huo haushtuki hata kidogo, kwa sababu hakuna akaunti iliyokosewa zaidi ya mara moja. Watu wengi wanaotengeneza mifumo huhesabu ugumu wa kuvunja akaunti moja na kusahau kwamba mwizi anaweza kuridhika na akaunti yoyote.

Upande wa pili wa uchunguzi ule ndio ulionisikitisha zaidi, kwa sababu unamhusu mwenye akaunti mwenyewe. Asilimia 40 ya watumiaji wa Marekani wanaozungumza Kiingereza walishindwa kukumbuka majibu yao walipoyahitaji. Maswali magumu kubahatisha yalikuwa pia ndiyo magumu kukumbuka: lile la namba ya kadi ya msafiri wa ndege lilikumbukwa na asilimia 9 tu. Na asilimia 37 ya watu walikiri kwamba walidanganya makusudi ili jibu lisibahatishike. Uongo huo haukuwasaidia. Watu wakitunga uongo hutunga unaofanana, kwa hiyo majibu yao yakawa rahisi zaidi kubahatisha, na wao wenyewe wakayasahau.

Watafiti walijaribu pia wazo ambalo huwajia watu wengi, la kuuliza maswali mawili badala ya moja. Walichukua mji wa kuzaliwa na jina la kati la baba. Mwizi mwenye majaribio 10 akashuka hadi chini ya asilimia 1, na hapo unaweza kufurahi. Lakini wenye akaunti waliokumbuka majibu yote mawili walikuwa asilimia 59. Ukifunga mlango hivyo, karibu watu wanne katika kila kumi wanalala nje ya nyumba yao.

Kukumbuka kwenyewe, kwa Kiswahili, kuna ugumu wa ziada ambao nimeuona mara nyingi. Mtu haulizwi tu anakumbuka nini, anaulizwa aliandikaje. Aliyezaliwa Dar es Salaam aliandika Dar, Daresalaam, DSM, au aliweka Temeke? Mwalimu wake wa kwanza alikuwa Mohamed, Muhamed au Mohammed? Wa Unguja aliandika Unguja au Zanzibar? Mashine inalinganisha herufi. Bibi anajua kabisa alikozaliwa, na mashine inamwambia amekosea.

Mpaka hapa nimezungumzia mtu anayebahatisha bila kukujua. Anayekujua ana kazi nyepesi zaidi. Septemba 2008, wakati wa kampeni za urais wa Marekani, kijana mmoja mwanafunzi aliingia katika barua pepe ya Yahoo ya Sarah Palin, gavana wa Alaska na mgombea wa umakamu wa rais. Hakuvunja chochote. Aliomba kubadilisha nywila, akaulizwa tarehe ya kuzaliwa, namba ya posta ya eneo lake, na mahali alipokutana na mumewe. Mawili ya kwanza yalipatikana mtandaoni bila shida, na la tatu lilikuwa shule ya sekondari ya mji wa Wasilla, habari iliyokuwa ikisimuliwa kila mahali. Utasema yeye alikuwa mtu mashuhuri. Lakini mwaka uliofuata, 2009, watafiti wa Microsoft na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipima watu wa kawaida na jamaa zao, wale ambao mtu alisema hawezi kuwapa nywila yake. Jamaa hao walipatia asilimia 17 ya majibu. Na wenye majibu wenyewe, baada ya miezi sita, walikuwa wamesahau asilimia 20.

Kwetu hahitajiki hata jamaa. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kila unapoacha kivuli cha kitambulisho kwenye duka la kudurufu, au unapomsomea mtu namba hiyo kwenye foleni, umemsomea tarehe yako ya kuzaliwa. Orodha za wanafunzi waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza zimekuwa zikitolewa hadharani, jina la mtoto chini ya jina la shule yake ya msingi. Hizo ni taratibu za maisha zenye faida zake, na silaumu kuwapo kwake. Kosa ni la anayekuja baadaye na kufanya habari iliyo wazi kuwa ufunguo wa pesa za mtu.

Na ufunguo huo haubadilishiki. Nywila ikivuja unaweka nyingine jioni hiyo hiyo. Wizi mkubwa wa taarifa za Yahoo wa mwaka 2013, ambao kampuni baadaye ilikubali kuwa uligusa akaunti zote bilioni 3, uliondoka na maswali na majibu ya usalama pia, mengine yakiwa hayajafichwa kwa namna yoyote. Mtu aliyeathirika hawezi kuzaliwa upya mji mwingine.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nilishikilie jambo hili. Shangazi yangu aliibiwa simu kwenye daladala akitoka Kariakoo. Alikuwa mwanachama wa chama cha akiba na mikopo ambacho sitakitaja, chenye programu ya simu. Kwenye mfuko wa plastiki wa nyuma ya simu alikuwa ameweka kivuli cha kitambulisho chake cha taifa, kama wengi wenu mlivyoweka sasa hivi. Simu ilikuwa na kifungio, kwa hiyo mwizi hakuweza kuifungua. Alichofanya ni kutoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine. Hakuwa na namba ya siri ya pesa za simu, kwa hiyo huko hakuingia.

Lakini sisi jamaa, tulipoona shangazi hajarudi, tulianza kupiga. Baadaye tulikaa tukakumbuka nani alisema nini. Jirani yake alipiga, simu ikapokelewa kimya, naye akasema: "Haloo, Mama Salma? Mama Salma, uko wapi?" Hakuna aliyejibu. Mwizi alikuwa amekwisha kusikia alichokihitaji.

Programu ya chama ilikuwa na maswali matatu: jina la mtoto wa kwanza, tarehe ya kuzaliwa, chakula unachokipenda. Shangazi alipokwenda kulalamika aliomba aonyeshwe kumbukumbu za mfumo, nami nikamsindikiza kusoma. Mtoto: Salma, jaribio la kwanza. Tarehe: jaribio la kwanza, maana tarakimu nane zilikuwa kwenye kivuli cha kitambulisho. Chakula: ugali, hapana. Wali, hapana. Pilau, ndiyo. Kutoka mwanzo hadi mwisho zilipita dakika nne. Kisha mwizi akaweka nywila mpya, akabadilisha namba ya kupokelea pesa, akaomba mkopo wa dharura wa shilingi 600,000, na ukatoka. Shangazi alikuwa bado kituo cha polisi akiandikisha taarifa ya kupotelewa.

Jambo la kusikitisha zaidi lilikuja kesho yake. Alipopata simu nyingine akajaribu kurejesha akaunti yake, mfumo ulimkataa. Alikuwa ameandika "pilau ya nyama", na miaka mitatu nyuma alikuwa ameandika "pilau" peke yake.

Turudi nyuma tuulize: simu ilipopotea, ni nini kilichobaki mikononi mwa shangazi ambacho mwizi hakuwa nacho? Swali hilo ndilo linaloongoza mbinu zote zilizo bora. Mwizi alikuwa na laini, kivuli cha kitambulisho, na masikio. Shangazi alikuwa na vidole vyake, uso wake, kabati lake nyumbani, watu wanaomjua, na muda wa kungoja. Njia ya kurejesha akaunti ijengwe juu ya hivyo.

Watu wengi hukimbilia ujumbe mfupi wenye tarakimu sita. Nao ni bora kuliko maswali. Tarakimu sita zina uwezekano milioni moja, na ukiruhusu majaribio matano, mbahatishaji ana nafasi moja katika 200,000. Katika uchunguzi ule wa Google, waliojaribu kurejesha akaunti kwa ujumbe mfupi walifanikiwa kwa zaidi ya asilimia 80, ambapo kwa maswali walifanikiwa karibu asilimia 61. Lakini ujumbe huo unathibitisha nani ameshika laini, si nani mwenye laini. Siku ile ungekwenda moja kwa moja kwa mwizi. Ni mpaka laini irudishwe, ile ya zamani izimike, ndipo ujumbe mfupi unakuwa wa mwenyewe tena.

Na laini yenyewe inarudishwaje? Tanzania, tangu mwaka 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na kidole kimekuwa njia ya kumtambua mwenye laini. Hilo ni jambo zuri kwa mada yetu. Mahali ambapo karani bado anauliza namba unazopigia mara kwa mara au kiasi cha mwisho ulichotuma, tumerudi kwenye maswali ya usalama kwa mlango wa nyuma, na wakala aliyeandika muamala wako kwenye daftari lake anaweza kuyajibu. Halafu kuna wale ambao laini yao imesajiliwa kwa kidole cha mtoto, mume au jirani kwa sababu siku ile hawakuwa na kitambulisho. Siku simu ikipotea, ndipo wanagundua kwamba kisheria namba ile ni ya mtu mwingine.

Ninachopendekeza kianze kabla ya msiba, siku ya kufungua akaunti. Mwanachama apewe karatasi yenye misimbo ya akiba, kila mmoja wa kutumika mara moja tu. Google hutoa misimbo 10 ya tarakimu nane kwa kila akaunti, na yeyote kati yenu mwenye akaunti hiyo anaweza kuichapisha leo. Kwa chama chetu ningetumia herufi na tarakimu, nikiondoa zile zinazochanganya macho: I na O katika herufi, 0 na 1 katika tarakimu. Zinabaki alama 32. Msimbo wa alama 10 unaonekana hivi:

```
K7MTQ-94XHP
```

Uwezekano wake ni 32 kuzidishwa kwa yenyewe mara 10, yaani zaidi ya trilioni 1,000. Hauna uhusiano wowote na maisha ya mwenye akaunti, hivyo hakuna jirani anayeweza kuutamka kwenye simu. Lazima utengenezwe na mashine, kamwe asiachiwe mtu kujitungia, kwa sababu tumeona watu hutungaje. Na chama kisiuhifadhi kama ulivyo. Kiutie kwenye hesabu ya njia moja, ile inayosaga neno likawa mfuatano usiorudishika, kiweke mfuatano huo tu. Hapo hata hifadhidata ikiibwa, misimbo haisomeki.

Karatasi ina udhaifu wake, nao tuuseme. Watu huipiga picha kwa simu ile ile itakayopotea. Au huiweka kwenye mfuko wa nyuma ya simu, pamoja na kitambulisho. Kwa hiyo anayeitoa asimkabidhi tu mtu karatasi, amuulize: "Utaiweka wapi, mama?" na angoje jibu. Kabatini chini ya kanga ni jibu zuri. Kwenye pochi si zuri. Na kila msimbo unapotumika, ujumbe utoke mara moja kwenda kwenye namba na barua pepe zote za mwanachama.

Aliyepoteza na karatasi pia, tumpe watu. Apple, tangu mwaka 2021, inamruhusu mtu kuteua mwenzake wa kumsaidia kurejesha akaunti. Mteuliwa haoni chochote ndani ya akaunti. Anachopata ni namba fupi kwenye kifaa chake, anayomsomea mwenye shida. Vyama vyetu vina mila inayokaribiana sana na hiyo: mdhamini. Mwanachama hakopi bila wadhamini, na wadhamini hao tayari wamo kwenye mfumo na wana akaunti zao. Shangazi angeomba kurejeshewa, ombi lingetokea kwenye programu za wadhamini wake wawili, nao wangetakiwa kwanza wamsikie kwa sauti au wamwone ndipo wathibitishe. Tofauti na swali la usalama ni kubwa: mdhamini hajibu habari za maisha ya shangazi, anaingia kwa ufunguo wake mwenyewe na jina lake linabaki kwenye kumbukumbu. Hata hivyo wadhamini wanaweza kushawishiwa, na wengine wana tamaa, na wizi wa ndani ya ukoo tunaujua. Ndiyo maana uthibitisho wao usifungue mlango palepale. Uanzishe kungoja.

Kungoja ndiyo zana ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo inayochukiwa kuliko zote. WhatsApp inaitumia: aliyeweka namba ya siri ya hatua ya pili, kisha akaisahau bila kuwa ameweka barua pepe, hungoja siku 7 ndipo aruhusiwe kuibadilisha. Kwa chama chetu ningesema saa 72. Tuangalie zingefanya nini kwa shangazi. Mwizi anaanzisha urejeshaji saa kumi jioni. Mfumo haumpi chochote, ila unatuma taarifa kwa namba ya shangazi, kwa barua pepe yake na kwa wadhamini wake: kuna mtu ameomba kurejeshewa akaunti hii, kama si wewe bonyeza hapa kuzuia. Taarifa ya kwenye namba anaiona mwizi mwenyewe, haitusaidii. Wadhamini wanaiona usiku huo, na kwa kuwa wamekwisha kusikia simu imeibwa, wanazuia. Hata kama wote wamelala, kesho yake shangazi anarudisha laini kwa kidole chake, laini iliyoko kwa mwizi inakufa, na ujumbe wa kukumbusha unaotumwa kila baada ya saa 24 unamkuta yeye. Zinabaki saa nyingi za kuzuia.

Itakuwaje mwizi akizuia ombi halali la shangazi, kwa kuwa bado anayo laini? Hapo kanuni iwe kwamba ombi lililozuiwa haliamuliwi tena kwa simu. Linahamia ofisini, ana kwa ana, na hakuna anayeshinda kwa kubonyeza haraka. Katika saa hizo 72 pesa ziendelee kuingia, zisitoke. Na hata baada ya akaunti kurudi, kwa siku chache zifuatazo mikopo mipya na kubadilisha namba ya kupokelea pesa visimame, kwa maana mwizi siku zote anakimbilia hayo mawili. Katika kisa cha shangazi, kizuizi hicho kimoja kingeokoa shilingi 600,000 hata kama vingine vyote vingeshindwa.

Wenye vyama huniuliza kuhusu dharura: mtu ana mgonjwa hospitali, simu imeibwa, pesa yake imefungwa siku tatu. Wana haki ya kuuliza. Jibu langu ni ofisi. Anayekuja mwenyewe, akaweka kidole, uso wake ukalingana na picha iliyopigwa siku ya kujiunga, ahudumiwe saa hiyo hiyo. Lakini wafanyakazi wawili washiriki, mmoja aandike, mwingine aidhinishe. Karani mmoja mwenye uwezo wa kufungua akaunti yoyote peke yake ndiye anayetafutwa na matapeli kwa rushwa, kwa vitisho au kwa maneno matamu. Na asipewe kabisa kitufe cha kuruka hatua kwa huruma. Huruma yake itumike kumletea mteja kiti na kumweleza kinachoendelea.

Utajuaje mfumo unavuja? Angalia kumbukumbu kila wiki. Kifaa kimoja kikijaribu akaunti nyingi, mara moja moja kila akaunti, huyo ndiye yule wa piza. Akaunti zilizorejeshwa kisha zikatoa pesa ndani ya siku moja, zipigiwe simu moja baada ya nyingine. Karani ambaye urejeshaji wake umezidi sana wa wenzake, aulizwe. Na hesabu wangapi walianza kurejesha wakaishia njiani. Idadi hiyo ikiwa kubwa, mlango umekuwa mzito kwa wenyewe, na kesho watampa mtoto wa jirani nywila zao awahifadhie.

Kwa wenye akaunti, nina ombi la leo. Mkiulizwa maswali ya usalama na hakuna njia ya kuyakwepa, msijibu ukweli wala msitunge uongo. Wekeni herufi za ovyo zilizotengenezwa na programu ya kutunza nywila, au mziandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Toeni kitambulisho nyuma ya simu. Wekeni namba ya siri kwenye laini yenyewe, ili ikihamishiwa simu nyingine isiwake. Na mtu akipiga akisema tarakimu sita zimeingia kwako kwa makosa, na kukuomba umtumie, usimtumie: hizo ni za akaunti yako.

Limebaki jambo moja ambalo sijaliona likitatuliwa vizuri. Shangazi amelima, amefua na amekuna nazi kwa zaidi ya miaka 50. Alipokwenda kurudisha laini yake, mashine haikusoma kidole cha kwanza, wala cha pili, wala cha tatu. Mistari ya vidole imelika. Yule binti wa dukani hakumfukuza. Alimpa kitambaa chenye maji, akamwambia, "Shikamoo bibi, tutulie kidogo," akaendelea kujaribu kidole kimoja kimoja, na cha nane, kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kikakubali. Tangu siku hiyo ninapokaa na wanaotengeneza mifumo hii nawaomba wasajili vidole vyote kumi tangu mwanzo, na waandike ni kipi husomeka vizuri. Kwa shangazi tumeandika. Ni kidole hicho cha nane, na karatasi yake ya misimbo iko kabatini, chini ya kanga ya pili kutoka juu. Mahali alipoiweka mwanzo ameshanikataza kupataja.